Fomu ya Google na Mkataba Ambao Hatuna

Wasikilizaji, tangazo la Google la Machi 2021 mmeshalisikia. Kila anayelipwa kupitia YouTube, popote alipo duniani, alitakiwa kujaza maelezo ya kodi ya Marekani kabla ya tarehe 31 Mei 2021, na makato yangeweza kuanza Juni mwaka huo. Hatutarudia habari hiyo. Kinachotutia wasiwasi sisi wa kituo hiki ni simu tulizopokea: vijana wanaambiana wasiijaze fomu ya maelezo hayo, kwamba ukiijaza umejisajili kulipa kodi Marekani, na usipoijaza watakusahau.

Hawatakusahau. Asiyejaza fomu ndiye anayekatwa zaidi. Tulirudie hilo, kwa sababu kosa lote limejificha hapo: asiyejaza fomu ndiye anayekatwa zaidi.

Chukulieni mama mmoja wa Kilifi mwenye chaneli ya mapishi. Kwa mwezi chaneli inamwingizia dola 1,000. Watazamaji wake wengi wako hapa Kenya na Tanzania, lakini wako pia ndugu zetu walioko Marekani wanaotafuta namna ya kupika wali wa nazi, na hao ndio wanaoleta dola 200 kati ya hizo 1,000. Mama huyu akikaa kimya bila kujaza fomu, Google haitajua yeye ni raia wa wapi, na sheria ya Marekani inaiagiza imhesabu kama Mmarekani aliyekataa kutoa namba yake ya kodi. Makato yake yatakuwa hadi asilimia 24, tena ya mapato yote: ya mtazamaji wa Malindi, wa Tanga na wa Teksasi. Hizo ni dola 240. Akijaza fomu, yaani W-8BEN, fomu ya mtu binafsi asiye Mmarekani, makato ni asilimia 30, lakini ya zile dola 200 za watazamaji wa Marekani peke yake. Hizo ni dola 60. Tofauti ni dola 180, karibu shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kiwango cha 2021, nazo zinaondoka kwa sababu ya fomu isiyotozwa hata senti.

Ni mwenye watazamaji wa Marekani wanaomletea zaidi ya asilimia 80 ya mapato ndiye ambaye hesabu humgeukia, fomu ikamkata zaidi ya kimya. Hao ni wachache, na wao pia fomu inawahusu, maana kimya si haki waliyopewa na sheria yoyote.

Mbona Marekani ikate jasho la mtu aliyepika Kilifi? Kwa sheria yao, fedha za YouTube ni mrabaha, malipo ya haki ya kuonyesha kazi yako, na mrabaha huhesabiwa umetoka pale kazi inapotazamwa. Hapa ndipo wengi wanachanganya. Kijana wa Nairobi anayenukuu sauti, anayetafsiri au anayechora nembo kwa mteja wa Marekani kupitia majukwaa ya kazi za mtandaoni hauzi mrabaha, anauza huduma. Huduma huhesabiwa imetoka pale ilipofanyiwa, na yeye ameifanyia Nairobi. Huyo hapaswi kukatwa chochote na Marekani. Lakini naye huombwa W-8BEN ile ile, kwa sababu hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba si Mmarekani. Asipoitoa, naye anaweza kukumbana na ile asilimia 24. Kwa hiyo fomu ni moja, ila kwa mmoja inapunguza makato na kwa mwingine inayafuta.

Sasa turudi kwa asilimia 30, maana hapo ndipo penye uchungu. Mwenzetu wa Afrika Kusini akijaza fomu hiyo hiyo, mrabaha wake haukatwi kitu. Wa India anakatwa asilimia 15. Sisi tunakatwa 30. Kwa nini? Kwa sababu Kenya haina mkataba na Marekani wa kuzuia kipato kimoja kutozwa kodi mara mbili. Barani Afrika wenye mkataba huo ni Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Kenya inayo mikataba ya aina hiyo na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada na India. Na Marekani, hatuna. Julai 2020 serikali yetu ilianza kuzungumza na Marekani kuhusu biashara huria, na tulisikia mengi kuhusu mahindi na nguo. Kuhusu mkataba wa kodi hatukusikia neno. Lakini tarehe 1 Januari 2021 Hazina ilikuwa tayari kuanza kutoza kodi ya huduma za kidijitali ya asilimia 1.5. Kutoza tumejua. Kulinda wanaotozwa na wengine, mkataba hatuna.

Na kwa kuwa hatuna, jihadharini na watu wa saiba wanaowajazia fomu kwa ada na kuchagua nchi yenye mkataba ili makato yapungue. Sehemu ya mkataba kwenye fomu ni ya mkaazi wa nchi hiyo. Fomu inasainiwa chini ya kiapo, na jina lililo chini ni lako, si la aliyekujazia. Mkenya anayeishi Kenya hadai mkataba. Msikubali pia kujaziwa W-9. Hiyo ni ya Wamarekani.

Kosa lingine ni la anwani. Wengi wetu tumezoea kuandika sanduku la posta, lakini mahali pa anwani ya makazi fomu haikubali sanduku. Andika barabara au kijiji, kata na kaunti. Sanduku liweke kwenye anwani ya barua. Namba ya kodi ni PIN yako ya KRA. Jina liwe lile lile la kitambulisho na la akaunti ya malipo, maana jina likipishana fomu hurudishwa, nawe hubaki kama asiyejaza. Fomu iliyosainiwa mwaka 2021 ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2024, na fomu ikiisha bila kujazwa upya, makato ya asilimia 24 yanaweza kurudi. Ukikatwa, mwaka unaofuata utapewa hati ya makato, 1042-S. Ihifadhi, ndiyo ushahidi wako wa kodi iliyoshikwa.

Basi vijana, jazeni fomu! Jazeni wenyewe, kwa majina yenu, kwa nchi yenu, na aliye na jirani mwenye chaneli amwambie leo. Na ninyi mnaotayarisha video, mnaoimba, mnaopika, mnaofundisha: kila mmoja amwandikie mbunge wake, iulizwe bungeni kwa nini Mkenya akatwe 30 pale Mwafrika Kusini hakatwi kitu. Waziri wa Hazina, mkataba hatuna! Ujumbe wa Kenya ukikaa tena mezani na Wamarekani, ombi la mazungumzo ya mkataba wa kodi liwe limeshaandikwa na kukabidhiwa, na wananchi waambiwe limekabidhiwa lini.