Siki, Weupe na Hukumu ya Kipimo

Wanafunzi wa udaktari, natuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wanawake 1,000 wa Ngerengere na vitongoji vyake wamefika kuchunguzwa shingo ya kizazi kwa siki, ambayo mhudumu huipaka kwa pamba, akangoja dakika moja, kisha akatazama kama pana baka jeupe. Na kwamba 20 miongoni mwao wana mabadiliko ya awali yanayoweza kuleta saratani.

Kipimo kikiwabaini 16 kati ya hao 20, unyeti wake ni asilimia 80. Na kikiwaachia huru 882 kati ya wazima 980, umahususi wake ni asilimia 90. Lakini wazima 98 waliosalia nao wameonyesha weupe, pengine kwa sababu ya uvimbe tu, hivyo wenye jibu chanya ni 114, na wagonjwa wa hakika ni 16: thamani ya utabiri wa jibu chanya ni asilimia 14. Wenye jibu hasi ni 886, na wazima kweli ni 882, takriban asilimia 99.5.

Kipimo kile kile kikipelekwa penye wagonjwa 200 katika 1,000, kitabaini 160 na kuwatuhumu wazima 80, na utabiri wa jibu chanya utapanda hadi asilimia 67, ilhali unyeti na umahususi havikubadilika abadan. Basi, kabla ya kumfasiria mama yeyote jibu lake, ulizeni kwanza ugonjwa umeenea kiasi gani miongoni mwa walio kama yeye.