Tangazo la Mkopo Liseme na Hasara Yake

(Maneno ya Katibu wa Chama wa kijiji mbele ya wanachama wa kikundi cha akiba na mikopo, mkutanoni ghalani. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani siku ile.)



Tumeombwa kusema juu ya matangazo ya kikundi yanayobandikwa kwenye ubao huu. Wengi wetu humu tulijua kusoma tukiwa watu wazima, katika madarasa ya kisomo. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani husoma neno moja moja, tena kwa kidole, na lile alilolisoma hulishika. Ukimwandikia nusu ya habari, ataishika hiyo nusu na kwenda nayo nyumbani.

Sasa tazameni tangazo la namna tunayoiona kuanzia stendi ya Makambako mpaka Njombe mjini, na ambayo hata vikundi vya vijijini vimeanza kuiga: "Mkopo wa haraka wa pembejeo. Riba asilimia 10 tu." Hakuna uongo hapo. Lakini asilimia 10 ya nini, na kwa muda gani? Tuliwauliza wanakisomo wetu wa jioni, na wengi walijibu kwamba ukikopa shilingi 300,000 utarudisha 330,000. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma maneno hayo.

Tulipiga hesabu ubaoni pamoja nao. Mkopo ni shilingi 300,000 kwa miezi minne. Riba ni asilimia 10 kwa kila mwezi, na inahesabiwa juu ya mkopo wote hata kama umekwisha kulipa nusu yake. Kila mwezi riba ni 30,000. Mara nne, ni 120,000. Kwa hiyo anayekopa 300,000 anarudisha 420,000, siyo 330,000. Ile tofauti ya 90,000 imejificha ndani ya neno "tu".

Halafu kuna jambo la pili, nalo kwa mkulima wa viazi ni baya kuliko riba yenyewe. Marejesho yanadaiwa kila mwezi: 75,000 ya mkopo na 30,000 ya riba, jumla 105,000. Viazi mviringo vinakaa ardhini miezi mitatu hadi minne. Rejesho la kwanza linadaiwa wakati shamba ndiyo kwanza limechipua, la pili wakati wa kupiga dawa ya ukungu. Mkulima atatoa wapi? Atauza kuku, atauza debe la mahindi ya chakula, au atakwenda kwa mkopeshaji mwingine, wale ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Na wakati wa kuvuna, ikiwa malori ni machache na mnunuzi anataka lumbesa, bei inaanguka huku deni halishuki hata senti. Haya yote yanajulikana siku ile tangazo linapoandikwa. Basi yaandikwe.

Tumekaa na kamati ya kikundi, na tangazo la msimu huu litasomeka hivi:

"Ukikopa shilingi 300,000 kwa miezi 4, utarudisha shilingi 420,000. Kila mwezi utalipa 105,000. Malipo ya kwanza yanadaiwa mwezi mmoja baada ya kuchukua fedha, kabla viazi havijavunwa. Kama huna fedha nyingine ya kulipia miezi hiyo, usichukue mkopo huu kwa ajili ya viazi. Viazi vikiharibika au bei ikishuka, deni linabaki lile lile. Ukishindwa kulipa, tutachukua kwanza hisa zako, kisha watalipa wadhamini wako wawili."

Mjumbe mmoja alisema tangazo kama hili litafukuza wakopaji. Tukamwambia, ndugu, litawafukuza wale ambao wangeshindwa kulipa. Hao wakiondoka, kikundi kimepata hasara gani? Mwingine akasema kama tumeona malipo ya kila mwezi hayaendani na viazi, kwa nini tusibadili malipo yenyewe, mtu alipe mara moja baada ya mavuno. Hilo ni wazo zuri na kamati inalitazama. Ndiyo faida ya kuandika hatari kwa maneno ya wazi: hata mwenye mkopo anaiona.

Upande wa akiba nako kuna maneno ya kusahihisha. Kuna watu wanasema, "Weka laki moja, mwisho wa mwaka chukua laki na thelathini." Kama mwaka jana ilitokea hivyo, iandikwe kwamba ilitokea mwaka jana. Mgao hautoki mbinguni, jamani. Ni ile riba waliyolipa wenzetu. Wasiporejesha, mgao haupo, na hata ile laki yenyewe inaweza kupungua. Hilo nalo liandikwe, tena sentensi ile ile inayotaja mgao.

Na iandikwe pia kwamba kikundi si benki. Wengi mnakumbuka mwezi Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilipofuta leseni za benki tano kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa benki ya wananchi ya hapa hapa Njombe. Wenye amana walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana, lakini mwisho wake ulikuwa shilingi 1,500,000 kwa mtu. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alisubiri mali za benki zikusanywe. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa kuwa 7,500,000. Sasa sikilizeni: bima hiyo ni ya mabenki. Kikundi chetu, ambacho kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kimo daraja la nne, hakimo. Fedha ikipotea hapa, hakuna bodi itakayokuja kutulipa. Kuandikishwa kwetu halmashauri ni ruhusa ya kufanya kazi. Hakulindi akiba ya mtu.

Lakini kuna onyo la namna nyingine ambalo tumelikataa. Kamati ilikuwa imeandika chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: "Kikundi hakitahusika na upotevu wowote wa fedha za wanachama." Hee! Hilo halimwonyi mwanachama, linawakinga viongozi. Ukungu wa viazi ni hatari, na mwanachama aambiwe aubebe. Mweka hazina kutoandika fedha kitabuni ni kosa, na hakuna karatasi ya ubaoni inayoweza kulifuta. Ukisoma onyo, jiulize: linanieleza kitu cha kuamua kabla sijatoa fedha yangu, au linanieleza tu kwamba nisije kulalamika? La namna ya pili lisibandikwe.

Kuhusu kuandika kwenyewe: herufi za onyo ziwe na ukubwa ule ule wa herufi za mkopo, na onyo likae juu, jirani na kiasi cha fedha. Tuandike shilingi, tuache asilimia. Na kabla ya kubandika, karatasi isomwe na mwanakisomo asiye mjumbe wa kamati, kisha aulizwe mambo matatu: utarudisha shilingi ngapi kwa jumla, utaanza kulipa lini, na ukishindwa atalipa nani. Akikosea moja, tangazo ndilo limekosea, liandikwe upya.

Karatasi ya viazi itasomwa hivyo Alhamisi jioni, darasani. Wadhamini nao waje, maana tumegundua baadhi yao hawajui kwamba wametajwa.