Mteja mmoja akikohoa

Agosti 2019, serikali ya Kenya iliagiza mizigo inayoingia nchini kupitia Mombasa na kwenda bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Agizo lilizua maandamano, likalegezwa, na Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha uondoaji wa mizigo Mombasa. Katika miji ya barabarani kama Voi, mwenye gereji, lojingi au hoteli ya madereva wa malori alijikuta akitegemea uamuzi ambao hakuketi mezani ulipofanywa.

Kampuni yenye mteja mmoja mkubwa iko katika hali hiyohiyo. Basi inapimwaje?

Tuseme muuzaji wa vifaa mjini Voi anapata shilingi 700,000 kwa mwezi kutoka kwa kaunti, na 300,000 kwa wateja wengine. Gharama zake ni 800,000, na benki ana milioni 1. Faida inapendeza, kwenye karatasi. Kaunti ikichelewesha malipo, pengo ni 500,000 kila mwezi, kwa hiyo atahimili miezi miwili tu. Malipo ya kaunti hungoja fedha kutoka Nairobi na idhini ya Mdhibiti wa Bajeti; bili isiyolipwa mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30 huingia kwenye madeni yanayosubiri.

Anayetaka kuikopesha kampuni hiyo, au kuajiriwa humo, aulize bili ya mwisho ililipwa baada ya siku ngapi na mkataba unaisha lini. Mishahara ikianza kulipwa nusunusu huku kazi ikiwa tele, huenda fedha zimekwama kwa mteja.