Maneno Machache Chini ya Picha ya Bonane

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanachama)



Leo nasema juu ya kitu kidogo: yale maneno tunaandika chini ya picha, kwa WhatsApp ao Facebook, wakati wa Noeli na Bonane.

Mama mmoja wetu ni fundi wa kushona hapa Baraka. Alirudi kutoka Nyarugusu na mashini moja tu. Mwaka juzi aliandika kwa statu yake: «PROMO! Feti imefika! Njoo haraka, usikose!» Watu walipita tu. Kliya mmoja akamuambia: «Mama, mwaka muzima unanisalimia vizuri. Siku ya feti unaniona kama mufuko wa feza?» Ile ilimuuma.

Mwaka jana tuliketi naye, tukaandika upya:

«Mwaka huu mumeniletea nguo za shule, za ndoa, hata za kilio. Asanteni kwa kuniaminia vitambaa vyenu. Noeli njema na Bonane kwenu na watoto. Tarehe 25 na tarehe 1 nafunga. Tarehe 2 mashini inalia tena.»

Angalieni: hakuna bei, hakuna «njoo». Shukrani iko na kitu ndani yake, na kila kliya anaona nguo yake pale. Neno la mwisho linamuambia mlango utafunguka lini, bila kumuvuta mukono.

Sasa bei na oda ziende wapi? Kwa tangazo lingine, mapema. Nguo moja inamukamata siku mbili, na mbele ya feti vitambaa vinapangana. Kwa hiyo mwanzo wa Desemba aliandika: «Vitambaa vya Noeli napokea mpaka tarehe 15.» Hiyo si kusukuma watu, maana tarehe ni ya kweli. Lakini ukipokea tena tarehe 20, kliya atajua ulimudanganya, na mwaka kesho hatakuamini.

Saa nayo iko na maana. Statu ya WhatsApp inakaa masaa 24 tu. Ukiiweka asubuhi ya tarehe 24, kesho yake watu wakitoka kanisani haiko tena. Yeye aliiweka magaribi.

Mbele ya kutuma, ufanye hivi. Funika jina lako. Kama maneno yale yanaweza kuwa ya muuza simenti, bado si yako. Kisha uyasome kwa sauti, kama vile umekutana na kliya njiani. Pale unasikia haya, futa.

Hatusemi oda zilijaa, hapana. Watu walimujibu: «Asante mama, Bonane na kwako.» Na yule kliya wa mwaka juzi alirudi Januari, kitambaa mukononi.