Hotuba juu ya Michoro ya Nyumba na Sababu za Kurudishwa Maombi

Wazee waheshimiwa, walimu, na ndugu zangu wote wa Kaengesa. Nimeombwa niseme habari za michoro na karatasi zinazopelekwa Halmashauri ili mtu apewe kibali cha kujenga. Maneno yangu hasa ni kwa ajili ya viwanja vilivyopimwa, kama vile vya mjini Sumbawanga. Maana wengi wa hapa hulima na kufundisha huku, lakini nyumba ya kupangisha huijenga mjini.

Watu wengi hudhani ya kuwa maombi hurudishwa kwa sababu nyumba imechorwa vibaya. Mara nyingi sivyo. Vyumba viko sawa, milango iko sawa, na paa linapendeza. Lakini nyumba ile haikuwekwa juu ya kiwanja chake. Mwenye nyumba amenunua mchoro wa nyumba ya mwenzake, akabadili jina tu. Basi Afisa Mipango Miji hawezi kujua nyumba itasimama wapi, wala itakuwa mbali kiasi gani na mpaka wa jirani.

Na tumtwae mtu wa mfano, mwalimu wa hapa. Marehemu baba yake alikuwa na kiwanja mjini, upana mita 20 na urefu mita 30, kwa matumizi ya makazi. Mwalimu anataka nyumba yenye upana wa mita 14, na kina cha mita 12 kutoka mbele hata nyuma. Baraza ya mbele ina mita 2 zaidi. Amejaza fomu kwa jina lake mwenyewe, akaambatisha barua ya toleo na stakabadhi ya kodi ya ardhi.

Maombi haya yatarudi kabla mchoro haujafunguliwa. Fomu ina jina la mwana, barua ya toleo ina jina la baba. Kuwa mwana wa marehemu hakutoshi. Yampasa kwanza apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na huyo ndiye mwenye uwezo wa kushughulikia kiwanja mpaka kihamishwe kwa mrithi. Barua ya ukoo yenye sahihi za wajomba na mashangazi ni njema kwa amani ya nyumbani, lakini haishiki mahali pa karatasi ya mahakama. Kadhalika jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo katika hati, na namba ya kiwanja pamoja na kitalu zilingane katika kila karatasi, hata katika pembe ya mchoro.

Haya, tuseme mirathi imekwisha. Sasa ndipo ramani ya kiwanja itazamwe. Hii ni karatasi inayoonyesha kiwanja chote kama kionwavyo na ndege aliye juu: mipaka yake, barabara, nyumba, choo na kisima. Kabla ya kuichora, mwende na kamba ya kupimia, mpime toka jiwe la mpaka hata jiwe la mpaka. Msipime toka ukuta wa jirani, kwa kuwa ukuta wa jirani si mpaka, na pengine yeye mwenyewe amepita.

Tuseme mwalimu ameambiwa aache mita 5 mbele na mita 3 kila ubavu. Hesabu hii ni ya mfano tu. Nanyi mkaulize ya kiwanja chenu kabla ya kumlipa mchoraji. Kwa upana, 3 na 14 na 3 ni 20, basi nyumba inaenea kabisa. Lakini mbele mchoraji amepima mita 5 mpaka ukuta wa sebule, akaisahau baraza. Baraza yenye nguzo na paa ni sehemu ya nyumba. Mbele zimebaki mita 3, na maombi yamerudi. Dawa yake ni nyepesi: nyumba nzima isukumwe nyuma mita 2. Ndipo zitakuwa mita 5 wazi, 2 za baraza, na 12 za nyumba, jumla 19. Nyuma zitabaki mita 11.

Katika mita hizo 11 atachimba shimo la choo, na hapa ndipo Afisa Afya anapouliza. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi. Kiwanja chote kina urefu wa mita 30! Akiweka kisima pembe moja ya mbele na choo pembe ya nyuma inayokabiliana nayo kwa mshazari, vyote viwili mita 2 kutoka kwenye mipaka, atapata mita 30 na nusu hivi. Imetosha kwa shida. Lakini kisima cha jirani je? Kikiwa nyuma ya ua tu, mchoro wa mwalimu hauna kosa, na bado hautakubaliwa. Kwa hiyo visima na vyoo vya majirani vionyeshwe pia katika ramani, pamoja na mshale wa kuonyesha ardhi inateremkia wapi. Ufipa ni nchi ya miteremko, na choo kikiwa juu ya kisima ni hatari zaidi. Ikiwa nafasi haipatikani, heri aache kisima, atumie maji ya bomba.

Kosa jingine huwashangaza watu. Mchoro ulichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Basi upana wa nyumba ni sentimita 14. Mwalimu akaupeleka dukani kunakiliwa, na karatasi kubwa ya A3 ikapunguzwa iwe A4. Mistari yote ikapungua, na zile sentimita 14 zikawa 9.9. Lakini maandishi bado yasema 1 kwa 100. Mkaguzi akiweka rula yake anaona nyumba ya mita 9.9, na tarakimu zasema 14. Atasadiki lipi? Ataurudisha. Mwambieni mchoraji achore chini ya kila mchoro mstari wa kipimo uliogawanywa kwa mita. Karatasi ikipungua nao hupungua pamoja nayo. Tena pimeni kila nakala kwa rula kabla ya kuipeleka, na mkituma kwa mtandao, pimeni ile mliyoipiga chapa kutoka katika faili lenyewe.

Nimesahau chumba kimoja. Mwalimu amechora mbele chumba chenye mlango mpana unaoelekea barabarani, akakiita stoo. Kila mtu ajua kuwa ni duka, na mkaguzi naye ajua. Kiwanja ni cha makazi. Akitaka duka na aombe kwanza kibali cha kubadili matumizi, kisha achore duka na kuliita duka.

Mwisho, neno kwa walio kandokando ya barabara kuu ya Tunduma na Sumbawanga, hata kama ni kijijini. Hapo zamani hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22 na nusu kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliifanya kuwa mita 30. Wako mafundi wanaopima bado kwa hesabu ya zamani, na wengine huanza kupima kwenye ukingo wa lami. Pimeni toka katikati, na umbali huo uandikwe katika ramani. Mwenye swali na aje na karatasi zake, tuzitazame pamoja.