Alama za Usalama katika Karakana ya Chama
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Namswea, Wilaya ya Mbinga)



Katika karakana nyingi ukutani huandikwa maneno haya: "Usalama Kwanza". Maneno ni mema, lakini hayamwambii mtu aweke wapi mkono wake. Alama ya usalama ni kitu kingine. Kila alama husema jambo moja tu, na hulisema kwa umbo na rangi kabla maneno hayajasomwa.

Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa ziitwazo ISO 3864 na ISO 7010, kazi za alama zimegawanywa hivi. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu na mstari mwekundu wa mshazari hukataza. Duara la buluu lenye mchoro mweupe huamuru. Pembetatu ya manjano yenye ukingo mweusi huonya kwamba hatari ipo. Mraba wa kijani huonyesha njia ya kutokea au huduma ya kwanza, na mraba mwekundu huonyesha vifaa vya kuzimia moto. Umbo na rangi huenda pamoja kwa sababu wako watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Tena rangi nyekundu hupauka juani. Rangi ikishindwa, umbo hubaki.

Sasa tuchukue mfano wa banda la chama cha wakulima wa kahawa. Ndani mna injini ya dizeli inayoendesha mashine ya kumenya kahawa kwa mkanda. Pembeni pana jiwe la kunolea. Karibu na mlango limewekwa pipa la mafuta. Hapo zatosha alama chache.

Kwenye mkanda iwekwe pembetatu ya manjano yenye mchoro wa mkono ulionaswa, na chini yake maneno: MKANDA HUNASA. Lakini pembetatu huonya tu, haikatazi. Kijana wa msimu anayetaka kutoa maganda yaliyokwama ataiona, ataamini kwamba yeye ni mwangalifu, naye ataendelea. Kwa hiyo, karibu na mahali anaposimama, lazima liwepo na duara jekundu la kukataza: USISAFISHE IKIENDA. Kwenye jiwe la kunolea liwekwe duara la buluu lenye mchoro wa kichwa kilichovaa miwani: VAA MIWANI. Kwenye pipa la mafuta liwekwe duara jekundu lenye mchoro wa kijiti cha kiberiti kinachowaka: USIWASHE MOTO.

Ukubwa wa alama nao hupimwa. Kanuni inayotumika sana ni hii: chukua umbali wa msomaji kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa 2000, jibu ni eneo dogo kabisa la alama kwa mita za mraba. Ikiwa pembetatu ya mkanda yapasa kuonekana kutoka mita 5, tano mara tano ni 25. 25 kwa 2000 ni 0.0125, yaani sentimita za mraba 125. Pembetatu yenye upande wa sentimita 17 inatosha. Banda likiwa na giza, taa iongezwe au alama ikuzwe.

Mahali pa kuibandika pana makosa yake. Alama iliyobandikwa kwenye mlango hufichwa mlango ukifunguliwa, nao hufunguliwa saa zile zile za kazi. Ibandikwe ukutani, kimo cha macho, mahali ambapo mtu huifikia kabla hajaifikia hatari. Zikirundikana alama kumi ukuta mmoja, hakuna itakayosomwa.

Katibu atajuaje kwamba alama inaeleweka? Amwite mtu asiyewahi kufanya kazi katika banda hilo, afunike maneno kwa karatasi, kisha aulize: "Hapa unaambiwa nini?" Akijibu kwamba mkono ule ni wa kusalimiana, mchoro haufai, hata kama mchoraji ni hodari.

Mwisho ni mpaka wa alama yenyewe. Bango halizuii mkanda kukamata shati. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka sehemu hatari za mashine zizungushiwe kinga. Kwanza mkanda ufunikwe kwa wavu imara wa chuma. Kisha alama imkumbushe mtu asiufungue wavu huo kabla injini haijazimwa na mkanda haujasimama kabisa. Chama chenye fedha ya kitu kimoja tu kwa msimu huu kinunue wavu, na rangi ifuate baadaye.