Ugonjwa si Utoro: Kudai Mshahara Uliokatwa Ukiwa Mgonjwa

Leo naongea mambo ya pesa yenu, kwa hivyo naomba msikize mpaka mwisho.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia na slipu yake ya mshahara. Ni tarishi wa kampuni moja ya mizigo hapa Mombasa, yeye ndiye hupeleka karatasi bandarini na kuzirudisha. Mshahara wake ni shilingi 26,000 kwa mwezi. Alishikwa na taifodi, daktari akampa siku za kupumzika kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata. Ukitoa Jumapili, hizo ni siku 9 za kazi. Mwisho wa mwezi akafungua slipu, akakuta mstari umeandikwa "Absent 9 days", na shilingi 9,000 zimekatwa.

Alipouliza, aliambiwa maneno ambayo wengi wenu mushayasikia: "Hukufanya kazi, kwa nini ulipwe?"

Yeye alikuwa tayari kunyamaza. Kodi ya nyumba alikopa, akasema yaishe. Mimi nikamwambia, ndugu yangu, kabla hujanyamaza hebu tusome huo mstari vizuri. Manake hapo pana makosa mawili, na la pili ni baya kuliko la pesa.

Tuanze na la kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inataja ni vitu gani mwajiri anaweza kukata kwenye mshahara. Kimoja ni siku ambayo mfanyakazi hakuja kazini bila ruhusa na bila sababu ya halali. Angalia hayo maneno ya mwisho. Anayekatwa ni mtoro. Mgonjwa ana kifungu chake, cha 30, na hicho kinasema hivi: ukishafanya kazi miezi 2 mfululizo, kila mwaka wako wa kazi una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 zaidi kwa nusu mshahara. Hicho ni kiwango cha chini. Mwajiri anaweza kutoa zaidi, lakini hawezi kutoa chini ya hapo hata kama mkataba umeandikwa vingine na wewe ukatia sahihi.

Sasa tufanye hesabu ya tarishi wetu. Wao hugawa mshahara kwa siku 26 za kazi, kwa hivyo siku moja ni shilingi 1,000. Siku 7 za kwanza ni mshahara kamili, yaani 7,000. Siku 2 zilizobaki ni nusu, yaani 1,000. Jumla alitakiwa kulipwa 8,000 kwa zile siku 9. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, mwajiri angeweza kukata shilingi 1,000 pekee, naye amekata 9,000.

Na si hivyo tu. Kuna amri za mishahara zilizo chini ya sheria. Ile Amri ya Jumla, inayowahusu wafanyakazi wengi ambao sekta yao haina amri yake, inatoa siku 30 kwa mshahara kamili na siku 15 kwa nusu. Penye viwango viwili, mfanyakazi hufuata kile kilicho bora kwake. Kwa hivyo kabla hujadai, uliza Ofisi ya Kazi sekta yako iko chini ya amri gani. Wengine mtakuta haki yenu ni kubwa kuliko mlivyodhani.

Jambo dogo la kuangalia: Jumapili. Ikiwa wanagawa mshahara kwa siku 26, basi siku ya mapumziko haimo kwenye hiyo hesabu. Akikukata Jumapili pia, amekukata siku ambayo hukutakiwa kuwa kazini. Chukua kalenda, hesabu mwenyewe kwa kidole.

Sasa kosa la pili. Lile neno "Absent". Kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinataja kutoonekana kazini bila ruhusa kuwa miongoni mwa makosa ambayo mtu anaweza kufutwa papo hapo. Leo umeacha neno hilo likae kwenye rekodi yako kwa sababu pesa ni kidogo. Mwakani mkikosana na bosi, faili linatolewa: "Huyu alitoroka kazi siku 9." Utaanza kutafuta karatasi za hospitali za mwaka jana na hutazipata. Ndio nikasema, usidai pesa peke yake. Dai na rekodi isahihishwe.

Haya, haki hii ina masharti mawili, na hapa ndipo wengi hupotezea.

Sharti la kwanza ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Ukiwa huwezi, mtu mwingine amjulishe kwa niaba yako. Kupiga simu ni sawa, lakini baada ya simu tuma meseji: "Bosi, kama nilivyokuambia kwa simu, leo siwezi kuja, naelekea hospitali." Simu haiachi maneno, meseji huacha. Tarishi wetu ndugu yake alimtumia supavaiza meseji ya WhatsApp saa moja asubuhi siku ya kwanza. Ile meseji ilikuja kuwa na thamani kubwa.

Sharti la pili ni cheti cha daktari. Kiwe kimetiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au na anayemwakilisha katika kusimamia zahanati au kituo cha matibabu. Kiseme kwamba huwezi kufanya kazi, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani. Risiti ya duka la dawa si cheti. Kadi ya kliniki iliyoandikwa dawa tu si cheti. Na usingoje upone ndio urudi kuomba uandikiwe tarehe za nyuma, manake daktari mwaminifu atakataa, na asiye mwaminifu atakutia matatani. Omba cheti siku ileile unayotibiwa. Kipige picha, kisha peleka nakala kazini na ubaki na ile ya asili.

Mwenzake tarishi huyu alikatwa siku 3 mwezi huohuo. Yeye aliugua kweli, mimi sina shaka, lakini alikunywa dawa nyumbani na hakuwa na karatasi yoyote. Hizo siku 3 hatukuweza kumsaidia.

Ukiwa na cheti, meseji, slipu ya mwezi uliokatwa na slipu ya mwezi kabla yake, andika barua. Usigombane kwa mdomo. Barua ya tarishi wetu ilikuwa fupi hivi:

"Kwa Meneja. Nilikuwa mgonjwa kuanzia tarehe hii mpaka tarehe hii, siku 9 za kazi. Nilijulisha ofisi siku ya kwanza na nikaleta cheti cha daktari niliporudi. Nakala zimeambatishwa. Mshahara wangu umekatwa shilingi 9,000 kwa madai ya utoro. Kwa kufuata vifungu vya 19 na 30 vya Sheria ya Ajira, naomba nirudishiwe pesa zilizokatwa kimakosa, na rekodi isahihishwe isomeke likizo ya ugonjwa. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 7."

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wakugongee muhuri au watie sahihi na tarehe. Wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe, nayo huonyesha siku uliyotuma.

Siku ya tano kijana aliitwa ofisini. Akapewa shilingi 4,000 taslimu na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi yasema amelipwa haki zake zote na hana madai mengine. Hapa nawaomba muwe macho. Sahihi kama ile inaweza kufunga mlango wa zile pesa zilizobaki. Alifanya vizuri: alisema, "Asante, bosi, lakini naomba niende nikaisome kwanza." Hakugomba wala hakutia sahihi.

Siku 7 zilipopita tukaenda Ofisi ya Kazi. Kupeleka malalamiko pale hakulipishwi. Unaandikisha jina, mwajiri, kiasi unachodai, na unaacha nakala za karatasi zako. Afisa humwandikia au humwita mwajiri, na pande mbili hukaa naye. Afisa wetu aliangalia cheti, akaangalia meseji, kisha akamuuliza mwakilishi wa kampuni swali moja: "Siku ya kwanza mlijua anaumwa au hamkujua?" Yule alisoma ile meseji kimya. Afisa akasema kazi hiyo iko chini ya Amri ya Jumla, kwa hivyo siku zote 9 ni za mshahara kamili. Mwezi uliofuata slipu ilikuja na nyongeza ya 9,000, na barua fupi inayosema siku zile ni likizo ya ugonjwa. Ile barua ameiweka pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Mambo hayaishi vizuri hivyo kila mara. Mwajiri anaweza kukataa kuja. Hapo njia ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ipo hapa Mombasa pia, au hakimu aliyepewa uwezo wa kusikiza kesi za kazi za wenye mishahara midogo. Msikimbilie ile Mahakama ya Madai Madogo. Jina lake lavutia, lakini sheria yake imeyatoa madai ya ajira nje. Na muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu pesa zikatwe, lakini usiungoje uishe, manake mashahidi huhama na simu hupotea.

Kuna swali najua mtaniuliza: je, akinifuta kwa sababu nimelalamika? Kifungu cha 46 kinasema kufungua malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu. Siwadanganyi kwamba hakuna bosi atakayejaribu. Ndio maana barua iliyogongwa muhuri ina faida mara mbili: inaonyesha ulidai lini, na kama ulifutwa wiki iliyofuata, tarehe zitajieleza zenyewe.

Na wale mwaambiwa "wewe ni kibarua tu": ukifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake hazipungui mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinaweza kukutoa kwenye ukibarua. Hesabu siku zako kabla ya kukubali jina hilo.

Usiku wa leo, kila mmoja afungue slipu zake za miezi 12 iliyopita. Tafuta neno "Absent" au "Unpaid Leave". Ukilikuta, jiulize siku hiyo ulikuwa wapi. Kama ulikuwa kitandani na cheti unacho, lete karatasi zako Jumamosi, tutakaa na kalamu na kalenda tuhesabu pamoja.